Chunusi na nywele kwenye picha ya uso: njia nne za kuzisafisha bila ngozi kugeuka plastiki

Tuchukue picha moja tuipitishe kwenye njia zote nne. Ni ya bibi harusi, amepigwa studio siku ya sendofu mbele ya pazia la kijivu hafifu. Picha ni ya wima, pikseli 4000 kwa 6000, na familia inataka kuiprinti kwa ukubwa wa A3 waitundike sebuleni. Ngozi yake ni ya maji ya kunde na taa kubwa imewekwa upande wa kushoto. Kwenye paji la uso ana chunusi tatu, moja bado imevimba. Kwenye taya kuna baka jeusi lililoachwa na kipele cha zamani. Nywele zimevutwa nyuma zikafungwa fundo, lakini nyingine zimechomoka juu ya kichwa, na unywele mmoja umelala kutoka panjani ukakatiza shavu hadi karibu na mdomo.

Njia zinazotumika kila siku kwa kazi hii ni hizi: kitelezi cha kulainisha ngozi kwenye simu, brashi zinazoziba doa kwa ngozi ya jirani, kuigawa picha katika leya mbili, yaani tabaka zinazolaliana, na kuangaza au kutia giza kwa mkono. Waeditaji hubishana ipi ni bora kuliko zote. Kwa maoni yangu kila moja ina kazi yake, na ngozi hugeuka plastiki pale njia moja inapobebeshwa kazi ya nyingine.

Plastiki inatoka wapi

Ngozi kwenye picha ina mambo matatu yaliyolaliana. Kuna umbile dogo, yaani vitundu, mistari myembamba na laika za shavuni. Kuna rangi, ambayo haiwi moja uso mzima: paji huwa jeusi zaidi kidogo kuliko shavu, na kando ya pua na mdomo rangi hubadilika tena. Halafu kuna jinsi mwanga unavyopanda na kushuka juu ya mifupa ya uso. Ukifuta la kwanza, ngozi inakuwa nta. Ukisawazisha la pili na la tatu kupita kiasi, unapata kitu kibaya zaidi, uso bapa wenye vitundu juu yake, kama mwanasesere aliyechorwa ngozi.

Kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hatari iko mahali maalumu, nako ni kwenye mng'ao. Sehemu kubwa ya umbile la ngozi ya namna hii huonekana pale mwanga unaporudi: kwenye paji, juu ya mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua. Ukikuza picha utaona kwamba ule mng'ao si doa jeupe moja, bali ni nukta nyingi ndogo za mwanga, na kati yake kuna ngozi ya rangi yake halisi. Programu ikitia ukungu hapo, nukta zinayeyuka na kuchanganyika na rangi ya jirani, na kinachobaki ni bamba la kijivu. Ndiyo sababu bibi harusi wetu akilainishwa ovyo anaonekana amepakwa majivu, hata kama hakuna aliyegusa rangi.

Kitelezi cha simu

Hiki nakimaliza haraka. Kitelezi cha kulainisha hakijui chunusi ni ipi na kitundu cha ngozi ni kipi. Kinatafuta tofauti ndogo za mwanga ndani ya uso na kuzipunguza zote kwa pamoja. Chunusi iliyovimba ni kubwa kuliko kitundu, kwa hiyo vitundu hufa kwanza na chunusi hubaki kama kivimbe laini. Unywele wa shavuni nao hubaki, ila umefifia kama mchirizi. Kwa picha ndogo ya wasifu pengine hakuna atakayeona. Kwa A3 ya sebuleni hakifai hata kikiwekwa kidogo.

Tofauti ni pale programu ya simu inapokuwa na kifaa cha kugusa doa moja moja. Snapseed inacho, kinaitwa Healing. Huko ukubwa wa brashi hufuata jinsi ulivyoikuza picha, kwa hiyo kuza sana mpaka kidole kifunike chunusi peke yake, gusa mara moja, kisha rudisha uangalie. Kwa mtu asiye na kompyuta hiki ndicho cha kuchagua, na kitelezi akiache kwenye sifuri.

Brashi za kuziba: hapa ndipo chunusi zinapomalizwa

Photoshop ina tatu zinazohusika: Spot Healing Brush, Healing Brush na Clone Stamp. GIMP, ambayo ni ya bure, ina Heal na Clone. Zinafanana kwa macho lakini hazifanyi jambo moja.

Clone Stamp hunakili kila kitu kutoka ulikochagua: umbile, rangi na mwanga. Healing Brush huchukua umbile tu kutoka huko, kisha rangi na mwanga inavipata kwenye kingo za pale unapopaka. Kwa hiyo unaweza kuchukua vitundu kutoka upande wa paji wenye mwanga ukavipeleka upande wenye kivuli kidogo, na kiraka kisionekane. Spot Healing Brush ni hiyohiyo, ila inajichagulia yenyewe pa kuchukua. Ni ya haraka, na kwa vipele vidogo vilivyozungukwa na ngozi safi inatosha. Karibu na nyusi au mstari wa nywele isiaminiwe, maana inaweza kukuletea kipande cha nyusi katikati ya paji.

Fungua leya mpya tupu juu ya picha. Chagua Healing Brush, na kwenye Sample weka Current & Below ili brashi isome picha ya chini lakini ipake kwenye leya tupu. Kwenye GIMP alama ya kuweka ni Sample merged. Kwenye picha yetu ile chunusi iliyovimba ina upana wa pikseli kama 40, basi brashi iwe 50 hivi, yaani kubwa kidogo tu kuliko doa. Shikilia Alt, bofya ngozi safi iliyo karibu, achia, kisha gusa chunusi mara moja bila kuburuta. Kwenye GIMP unashikilia Ctrl badala ya Alt.

Mahali unapochukulia ndipo ustadi ulipo. Vitundu vya paji havilingani na vya shavu, na vya pua ni vikubwa kuliko vyote. Chukua kutoka eneo lilelile la uso, na kwa umbali ule ule kutoka kwenye taa. Ukichukua vitundu vya puani ukavipeleka shavuni, rangi italingana kabisa, lakini jicho litasita hapo bila kujua kwa nini. Halafu badilisha chimbuko kila baada ya doa moja au mawili. Ukizibia chunusi zote tatu kwa kipande kimoja, mtu atakuja kuona kundi lilelile la vitundu limejirudia mara tatu.

Ugumu wa ukingo wa brashi nao una athari. Wengi huweka ukingo laini kabisa wakidhani utafichama. Kwa Clone Stamp, ukingo laini maana yake ni pete ambamo umbile jipya na la zamani vimechanganywa nusu kwa nusu, na maumbile mawili yakichanganywa hivyo yanafutana. Matokeo ni pete yenye ukungu kuzunguka kila ulipogusa. Weka Hardness kati ya 70 na 80 na pete hiyo itapotea. Healing Brush inaweza kuwa ngumu zaidi ya hapo, kwa sababu kulainisha kingo ni kazi inayoifanya yenyewe.

Udhaifu mkubwa wa Healing Brush ni mipaka. Kwa kuwa inapokea rangi kutoka kingoni, ikigusa mstari wa nywele, mdomo au ukosi wa nguo, inavuta rangi hiyo ndani na kuacha wingu jeusi au jekundu. Ukiona wingu la namna hiyo usiendelee kulipaka, maana litakua. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, chukua Clone Stamp, na umalizie sehemu ya mpakani nayo.

Kabla ya yote haya muulize mwenye picha nini kibaki. Chunusi itapona, kwa hiyo kuiondoa hakumbadilishi mtu. Lakini doti ya kuzaliwa, kovu la utotoni au chale ni vya kwake, na mama yake atauliza vimekwenda wapi.

Leya mbili: inasifiwa sana, na inatumika mahali pasipo pake

Hapa picha inagawanywa. Leya ya chini inabaki na rangi na mwanga vilivyotiwa ukungu, ya juu inabaki na umbile dogo peke yake. Unatoa nakala mbili za picha. Ya chini unaitia Gaussian Blur mpaka vitundu vitoweke huku umbo la uso likiendelea kusomeka, na kwa picha ya ukubwa huu Radius ya 8 hadi 10 huwa inatosha. Kisha unasimama kwenye nakala ya juu, unafungua Image > Apply Image, unachagua ile ya chini kwenye Layer, na kwa picha ya biti 8 unaweka hivi:

```
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
```

Leya ya juu itageuka kijivu. Ibadilishe iwe Linear Light na picha itarudi kama ilivyokuwa. Isiporudi sawasawa, kuna namba umekosea, usiendelee. Kwenye GIMP unaipa nakala yenye ukungu hali ya Grain extract, unatengeneza leya mpya kwa New from Visible, kisha ile yenye ukungu unairudisha Normal na hiyo mpya unaipa Grain merge.

Faida yake ni kwamba baka la rangi linaweza kusawazishwa chini bila vitundu vya juu kuguswa. Baka la taya la bibi harusi wetu ni kazi halali ya njia hii: ngozi pale ni nzima, vitundu vipo, kilichoharibika ni rangi tu. Kwenye leya ya chini unalizungushia Lasso yenye Feather ya pikseli 20 hivi, unatia Gaussian Blur kiasi, na weusi unasambaa ukapungua.

Tatizo linaanza mtu anapoona jinsi ilivyo rahisi, akaendelea na shavu zima, paji zima na kidevu. Vitundu bado vipo, kwa hiyo anajiambia ngozi iko salama. Lakini kule chini amefuta jinsi mwanga ulivyokuwa ukipanda mfupa wa shavu na kushuka. Ule uso bapa wenye vitundu juu nilioutaja mwanzoni hutengenezwa hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Dalili yake ni rahisi kuiona: punguza picha mpaka iwe ndogo kama stempu. Uso ukionekana umepoteza umbo, leya ya chini imelainishwa mno.

Na kwa chunusi na nywele njia hii inakupa kazi mara mbili. Chunusi iliyovimba ina umbile juu na wekundu na kivuli chini, kwa hiyo ukiisafisha leya moja tu unabaki na mzimu wake kwenye nyingine. Unywele nao una kivuli kinachobaki chini baada ya wenyewe kuondoka. Healing Brush ya kawaida ingemaliza vyote kwa mguso mmoja.

Kuangaza na kutia giza kwa mkono

Hii haiondoi kitu. Inabadilisha mwanga tu, kidogo kidogo, na kwa hiyo si rahisi ifute kitundu. Unaweka leya mbili za Curves, moja imepandishwa kidogo katikati, nyingine imeshushwa, maski zote mbili unazijaza nyeusi, kisha unapaka kwa brashi nyeupe yenye Flow ya asilimia 1 hadi 3 pale tu panapohitaji. Juu yake weka leya ya Black & White kwa muda, ili rangi isikudanganye uone mwanga na kivuli peke yake.

Kwa ubora wa ngozi hakuna inayoishinda. Kwa muda, inakula sana, na kwa picha 200 za harusi ni ndoto. Naitumia kwa mabaki: kivuli chepesi chini ya pale chunusi ilipokuwa, baka ambalo halikuisha, mchirizi wa kivuli cha unywele. Uangalifu mmoja kwa ngozi ya maji ya kunde: ukiipandisha mwanga hupungukiwa rangi na kuelekea majivu. Ukiona hivyo, fungua leya tupu ya hali ya Color, chukua rangi ya ngozi ya jirani, upake kwa Opacity ndogo mpaka joto lirudi.

Nywele

Kwenye pazia, unywele mweusi juu ya kijivu hafifu unaondoka vizuri kwa Clone Stamp ikiwa kwenye Mode ya Lighten, ukipaka kwenye nakala ya picha na si kwenye leya tupu. Katika hali hiyo brashi hubadilisha tu kilicho cheusi kuliko chimbuko, kwa hiyo unywele unafunikwa na pazia lililouzunguka haliguswi. Kwa mvi juu ya pazia jeusi tumia Darken. Chukua chimbuko sambamba na unywele, kwa kimo kilekile, maana pazia la studio hufifia kadiri unavyotoka kwenye taa. Na usipite mahali pamoja mara nyingi: kila ukipita, Lighten huchagua chembe angavu zaidi, na baada ya muda pazia linapata kiraka kilichong'aa na kulainika.

Ufuate kila unywele mpaka kwenye shina lake. Ukiukata katikati unaacha kisiki kinachoelea, na kisiki kinavuta jicho kuliko unywele mzima. Lakini usizimalize zote. Ondoa ndefu zilizojitenga na zinazokatiza umbo la kichwa, zile fupi zilizo karibu na kichwa ziache. Kwa nywele za kipilipili mpaka wa kichwa hauna mstari kabisa. Una ukungu wa vijipindo vidogo unaopungua taratibu kuelekea nje, na ukiunyoa kwa brashi kichwa kinaonekana kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye pazia.

Unywele wa shavuni unahitaji Healing Brush nyembamba, mara mbili au tatu ya upana wa unywele. Anza kwenye ncha iliyo karibu na mdomo, nenda kwa vipande vifupi kuelekea panja, ukichukua ngozi ya pembeni kwa kila kipande. Usipake mstari mmoja mrefu, kwa sababu shavu lina mwanga tofauti kila sentimita. Ukikaribia panja ambako nywele nyingine zinaanza, badilisha kwenda Clone Stamp. Kisha angalia kama kivuli chake kimebaki. Taa yetu iko kushoto, kwa hiyo kitakuwa kimelala kulia kwa pale unywele ulipokuwa, hafifu na kipana kidogo. Kipitishie Healing Brush au ukiangaze kwa Curves.

Unywele uliokatiza mboni ya jicho ni bora kuuacha kama si mnene. Jicho lililotengenezwa vibaya linaonekana kutoka upande wa pili wa sebule. Laika za shavuni zinazoonekana kwa mwanga wa pembeni ziache zote, kwani ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba hii ni ngozi.

Basi ipi kwa picha hii

Chunusi tatu: Healing Brush kwenye leya tupu. Unywele wa shavuni: hiyohiyo, pamoja na Clone Stamp mwishoni. Za juu ya kichwa: Clone Stamp kwenye Lighten. Baka la taya: jaribu Curves kwanza, maana ni dogo na leya mbili ni maandalizi marefu kwa doa moja. Ningezifungua leya mbili kama mabaka yangekuwa mengi, kwa mfano shingoni kwa mwanamume mwenye vipele vya ndevu.

Fanya kazi hiyo ukiwa umekuza asilimia 100, si 300. Kwa 300 kila kitundu kinaonekana kama kosa na mkono hauwezi kujizuia. Ukimaliza, shusha Opacity ya leya ya Healing mpaka sifuri na uirudishe taratibu. Kama kwenye asilimia 80 uso unaonekana hai zaidi kuliko kwenye 100, kuna mahali umepita kiasi, na mara nyingi ni chini ya macho.

Yote haya yanategemea faili halisi ya kamera. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na vitundu ndivyo vya kwanza kuliwa. Ukiziba doa juu yake unahamisha ukungu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mwambie mpigapicha aitume kama Document.

Ipo pia ngozi ambayo Healing Brush haiwezi kuisaidia. Shavu likijaa chunusi pande zote hakuna ngozi safi ya kuchukulia, na kila kiraka kinaleta chunusi nyingine au kinarudia kipande kilekile mara kumi. Hapo ondoa zile tano au sita zinazoonekana zaidi, punguza wekundu wa zilizobaki kwa Hue/Saturation kwenye Reds, angaza vivuli vyake kwa Curves, na uiache ngozi ionekane na chunusi chache zilizotulia. Mteja akitaka zaidi ya hapo, mweleze kwamba vipodozi kabla ya kupiga picha vingefanya kazi hiyo vizuri kuliko brashi yoyote.